Afisa amekunyima leseni kwa jambo lisilo na ushahidi: namna ya kuupeleka uamuzi wake Mahakama Kuu kwa mapitio

Watu wengi wanaofika kwa wakili na barua ya kunyimwa kitu serikalini huanza na maneno yaleyale: "Afisa amekosea, mambo hayakuwa hivyo." Mara nyingi wanasema kweli. Lakini kauli hiyo peke yake haimpi jaji pa kuanzia, kwa sababu kwenye mapitio Mahakama Kuu haikai kama afisa wa pili anayepima upya nani kasema kweli. Kazi yake ni kuangalia kama uamuzi ulifikiwa kisheria. Makosa ya ukweli hupita kwenye mlango huo kwa njia chache tu, na mwongozo huu unahusu mbili kati yake. Ya kwanza ni pale afisa alipotamka jambo ambalo halina ushahidi wowote kwenye jalada lake. Ya pili ni pale alipojenga uamuzi juu ya jambo ambalo ukiliangalia kwenye nyaraka utaona wazi kwamba si kweli.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye kesi ni mama anayemiliki boti ya kuvulia dagaa katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Ukiwa Tabora na kesi yako inahusu mizinga ndani ya msitu wa hifadhi au leseni ya kununua mazao, hatua ni hizihizi, na faili utalifungua Mahakama Kuu Tabora.

Mama huyu aliomba leseni ya uvuvi akajibiwa kwa barua ya tarehe 3 Februari 2025. Barua inasema maombi yake yamekataliwa kwa sababu tatu. Kwanza, chombo chake kilikutwa kikivua usiku wa tarehe 20 Juni 2024, wakati Ziwa Tanganyika limefungwa. (Mwaka huo uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti.) Pili, alitumia nyavu zisizoruhusiwa. Tatu, watu wake walikaidi amri ya maafisa wa doria na kukimbia.

Hesabu siku kabla ya kufanya kitu kingine chochote

Mapitio yana muda mfupi. Kanuni za mwaka 2014 zinazosimamia maombi haya, zilizotangazwa katika Tangazo la Serikali Na. 324, zinataka ombi la ruhusa ya kuleta mapitio lifunguliwe ndani ya miezi sita tangu uamuzi ulipotolewa. Kwa mama wa Kibirizi miezi hiyo inaishia mwanzoni mwa Agosti 2025, na mtu mwenye busara hasubiri hata Julai. Andika tarehe ya uamuzi juu ya bahasha ya nyaraka zako. Andika pia tarehe uliyoipokea barua na jina la aliyekukabidhi, kwa sababu pingamizi la kwanza la upande wa Serikali karibu kila mara huwa ni la muda.

Siku hiyohiyo soma sheria iliyompa afisa mamlaka, uone kama kuna rufaa kwenda kwa mkurugenzi, waziri au baraza fulani. Ikiwepo, ipitie kwanza. Mapitio hayakuwekwa ili mtu aruke ngazi, na ombi linaweza kufia kwenye hatua ya ruhusa kwa sababu hiyo tu. Kwenye rufaa ya kiutawala una nafasi pana kuliko mahakamani: unaweza kulalamika kwamba afisa alipima ushahidi vibaya, jambo ambalo jaji wa mapitio hatakusikiliza. Watu wengi huidharau rufaa hiyo na kupoteza nafasi ambayo hawataipata tena.

Pata jalada lililokuwa mezani kwa afisa

Kila kitu kinategemea hatua hii. Huwezi kusema hakuna ushahidi kama hujaona ulikuwepo ushahidi gani. Barua ya kukataliwa ni ukurasa mmoja, na nyuma yake kuna jalada lenye ripoti ya doria, fomu ya maombi, pengine maelezo ya mtu na dokezo la ndani. Jalada hilo ndilo litakalosema kama afisa alikuwa na pa kusimama.

Andika barua fupi, bila hasira, ukiomba mambo mawili tofauti:

> Rejea barua yako ya tarehe 3 Februari 2025. Naomba kupatiwa sababu kamili za uamuzi huo pamoja na nakala ya kila taarifa, ripoti, maelezo na kumbukumbu zilizozingatiwa kabla ya kutoa uamuzi, ikiwemo ripoti ya doria ya tarehe 20 Juni 2024. Kama kuna taarifa ambayo haiwezi kutolewa, naomba nijulishwe ni ipi na kwa kifungu gani cha sheria.

Itaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ukikaliwa kimya, muhuri huo utakuwa ushahidi kwamba uliomba ukanyimwa. Usiache miezi sita ipite huku ukisubiri majibu. Siku 30 zikiisha, endelea na ulichonacho na useme kwenye kiapo kwamba jalada uliliomba tarehe fulani na hukupewa.

Kuhusu sababu za uamuzi una pa kushikilia. Katika kesi ya Tanzania Air Services dhidi ya Waziri wa Kazi, iliyoripotiwa mwaka 1996, Mahakama Kuu ilisema wajibu wa kutoa sababu ni sehemu ya kanuni za haki ya asili. Sababu zilizoandikwa pia humfunga afisa. Akishaandika tatu, hawezi kufika mahakamani na ya nne aliyoitunga baada ya kushtakiwa.

Tuseme mama wa Kibirizi alijibiwa, akapewa ripoti ya doria. Ni ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono. Inasema saa nane usiku doria iliona chombo chenye taa, ikakisogelea na kukiamuru kisimame, watu waliokuwemo wakazima taa na kukimbia. Namba ya usajili iliyosomwa kwa tochi inaishia na 0417. Sahihi, tarehe, basi.

Vunja uamuzi vipande, kila kipande kitafutie karatasi yake

Chukua karatasi na uchore safu tatu. Ya kwanza andika kila jambo la ukweli ambalo afisa amelitamka, moja moja, kwa maneno yake mwenyewe. Ya pili andika kipande cha jalada kinachoweza kulibeba jambo hilo, hata kwa udhaifu. Ya tatu andika kama ukilitoa jambo hilo, uamuzi bado unasimama.

Safu ya pili ndiyo inayowashinda watu, kwa sababu inadai uaminifu. Lazima uandike hata ushahidi unaouchukia. Kama kuna shahidi mmoja aliyesema jambo hilo, na wewe unajua ni mwongo, bado ni ushahidi. Maafisa hawafungwi na sheria ya ushahidi kwa ukali ule wa mahakama. Wanaweza kutegemea maneno ya kusikia, ripoti isiyo na kiapo, au uzoefu wao wa kazi. Ili kanuni ya kutokuwepo ushahidi ikufae, safu hiyo inapaswa kubaki tupu, au kubaki na kitu ambacho hata kikikubaliwa chote hakielekezi kwenye lile lililotamkwa.

Kwa mama wetu jedwali linatoka hivi.

Jambo la kwanza: chombo chake kilikutwa ziwani. Safu ya pili si tupu. Kuna ripoti ya doria, na inataja namba. Lakini namba ya boti yake, kwa mujibu wa cheti cha usajili ambacho nakala yake iko ndani ya jalada hilohilo, inaishia na 0471. Mtu aliyeandaa barua aligeuza tarakimu mbili. Hapa ushahidi upo, ila unamhusu mwingine. Hili ni kosa la ukweli lililo wazi.

Jambo la pili: alitumia nyavu zisizoruhusiwa. Ukiisoma ripoti mara tatu hukuti neno nyavu. Hazikukamatwa, hazikupimwa matundu, hakuna aliyeziona kwa karibu kwa sababu chombo kilikimbia. Safu ni tupu kabisa. Hapa ndipo kanuni ya kutokuwepo ushahidi inapokaa.

Jambo la tatu: watu wake walikaidi amri. Ripoti inasema hivyo. Nahodha wake anasema usiku ule hakuwa hata majini. Maneno ya huyu dhidi ya maneno ya yule. Ukilipeleka hili kwa jaji kama hoja inayojitegemea, atakwambia kupima mashahidi ilikuwa kazi ya afisa, na atakuwa sahihi. Lakini jambo la tatu linaning'inia kwenye la kwanza. Kama chombo kilichokimbia hakikuwa chake, basi waliokaidi hawakuwa watu wake. Huhitaji kumwita askari wa doria mwongo. Mwache awe alisema kweli tupu kuhusu 0417.

Ukifika hapa utaona kwamba kesi yenye malalamiko matatu imebaki na hoja mbili zenye nguvu na moja inayoanguka yenyewe. Wengi hufanya kinyume. Huanza na ile ya askari, kwa sababu ndiyo inayowauma, wanajaza kurasa kumi na mbili za viapo vya majirani, na zile tarakimu mbili zilizogeuzwa zinazama katikati ya maneno.

Nani alipaswa kuthibitisha?

Kabla hujafurahia safu tupu, jiulize swali hili, maana limezika maombi mengi. Kama sheria inasema mwombaji ndiye anayepaswa kumridhisha afisa juu ya jambo fulani, basi ukosefu wa ushahidi ni tatizo la mwombaji. Mathalani fomu inamtaka mama alete uthibitisho wa aina ya nyavu, naye hakuleta. Afisa akiandika "hakuthibitisha kwamba nyavu zake zinaruhusiwa," hajatamka jambo lisilo na ushahidi. Amesema tu kwamba mzigo wa kuthibitisha haukutuliwa.

Sentensi ya barua ndiyo inayoamua. Barua ya mama inasema "ulitumia nyavu zisizoruhusiwa." Hilo ni tamko kwamba tukio lilitokea, ni tuhuma ya uvunjaji wa sheria, na anayetamka tuhuma anahitaji cha kuitegemeza. Kwa hiyo nukuu maneno ya barua neno kwa neno, usiyafupishe kwa lugha yako.

Vipimo vinne vya kosa la ukweli

Kosa la tarakimu linaonekana kama ushindi wa moja kwa moja, lakini mahakama hazifuti uamuzi kwa kila kosa. Kipimo kinachotajwa sana katika nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza kilitolewa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 2004, katika kesi iliyomtaja mwombaji kwa herufi E tu dhidi ya Waziri wa Mambo ya Ndani. Mahakama ilitaka mambo manne. Liwepo kosa kuhusu jambo lililokuwepo wakati wa uamuzi, na hilo ni pamoja na kosa la kudhani ushahidi fulani haupo kumbe upo. Jambo lenyewe liwe limethibitika kwa namna isiyobishaniwa, linaloweza kuhakikiwa na yeyote. Mwombaji au wakili wake asiwe ndiye aliyesababisha kosa. Na kosa liwe limechangia kwa uzito kwenye uamuzi, ingawa si lazima liwe peke yake lililouamua.

Pitisha 0417 na 0471 hapo. Cheti cha usajili kilikuwepo siku ya uamuzi. Daftari la usajili linaweza kufunguliwa na mtu yeyote mwenye macho. Mama hakukosea namba kwenye fomu yake, na hilo lihakiki kweli, kwa sababu kama yeye ndiye aliyeandika 0417 kwenye maombi, kipimo cha tatu kimemwangusha. Na barua yote imejengwa juu ya chombo hicho.

Sasa pitisha ushahidi wake mwingine. Anasema tarehe 20 Juni boti ilikuwa imepandishwa nchi kavu, fundi akiziba nyufa. Ana daftari la fundi lenye tarehe na malipo. Ni ushahidi mzuri, lakini unaweza kubishaniwa: pengine fundi aliandika baadaye, pengine boti ilishushwa usiku mmoja. Halifikii kipimo cha pili kwa nguvu ileile. Liweke nyuma ya cheti, kama linalounga mkono, lisiwe ndilo la mbele. Daftari la BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za uvuvi kwenye mwalo, linaloonyesha vyombo vilivyokuwa ufukweni kipindi cha kufungwa ziwa lina uzito zaidi, kwa kuwa halikutunzwa na mtu mwenye maslahi naye. Ila kama halikuwa mbele ya afisa, jiandae kueleza kwa nini hukulipeleka mapema. Jibu la mama ni rahisi na la kweli: hakuna aliyemwambia kwamba anatuhumiwa, kwa hiyo hakupata nafasi ya kulipeleka. Jibu hilo ni hoja nyingine kamili, ya kutosikilizwa.

Kesi nyingine ya Uingereza inaonyesha jinsi kosa la ukweli na kutotendewa haki vinavyogusana. Mwaka 1999 Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa huko, lilifuta uamuzi wa bodi ya fidia kwa waathirika wa uhalifu. Mwanamke alidai alibakwa, bodi ikakataa dai lake, kumbe daktari wa polisi aliyempima alikuwa ameandika ripoti iliyoelekea kumuunga mkono na bodi haikuipata. Hakuna aliyemlaumu mwanamke kwa kutoileta. Alikuwa na haki ya kutegemea kwamba polisi wangeiweka mezani.

Ipeleke kwa lugha ambayo mahakama zetu zinaitambua

Hapa ndipo wanaonakili hoja kutoka nje hujikwaa. Hukumu za Uingereza kama hizo nilizotaja hapa kwetu ni za kushawishi tu, hazimfungi jaji wa Kigoma. Mahali pa kuanzia ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika Sanai Murumbe na mwenzake dhidi ya Muhere Chacha, ya mwaka 1990. Hapo iliorodheshwa misingi ya kufuta uamuzi wa chombo cha umma: kuzingatia yasiyopaswa kuzingatiwa, kuacha yaliyopaswa kuzingatiwa, kukosa au kuvuka mamlaka, kufikia hitimisho ambalo hakuna mamlaka yenye busara ingelifikia, kuvunja kanuni za haki ya asili, na uharamu wa utaratibu au wa uamuzi wenyewe.

Utaona kwamba "kosa la ukweli" halimo kwa jina. Kwa hiyo usiliandike kama msingi wa saba na kungoja jaji alikubali. Liingize ndani ya misingi iliyopo. Kutamka uvunjaji wa sheria bila ushahidi wowote ni hitimisho ambalo mamlaka yenye busara isingelifikia. Kutokiangalia cheti cha usajili kilicho ndani ya jalada ni kuacha kuzingatia lililopaswa kuzingatiwa. Kuhesabu chombo cha mtu mwingine dhidi ya mama ni kuzingatia lisilopaswa. Kutomwonyesha ripoti kabla ya kuamua ni kuvunja haki ya asili. Ukishasimama juu ya Sanai Murumbe, ndipo unaitaja kesi ya 2004 kuonyesha kwamba mahakama nyingine zimefika palepale.

Kuna aina moja ya ukweli ambayo inakwenda kwa njia nyingine kabisa, nayo ni ukweli unaobeba mamlaka yenyewe. Kama sheria inampa afisa uwezo wa kumfukuza nchini mtu asiye raia, basi kutokuwa raia ndiyo ngazi anayopandia. Mkoani Kigoma, mpakani, jambo hilo si la nadharia. Hapo unajenga hoja ya kukosa mamlaka, na kuna msimamo, uliowekwa na Baraza la Malordi mwaka 1983 katika kesi ya Khawaja, kwamba mahakama inaamua yenyewe kama ukweli huo upo, haiishii kuuliza kama afisa alikuwa na cha kumfanya aamini hivyo.

Kiapo kiseme mambo, hoja zikae kwenye maelezo

Maombi yana hatua mbili. Kwanza unaomba ruhusa, ukiambatanisha maelezo yanayotaja wewe ni nani, unataka amri gani na kwa misingi ipi, pamoja na kiapo kinachothibitisha mambo ya ukweli. Ukipewa ruhusa, unafungua maombi yenyewe ndani ya siku 14. Siku hizo huisha upesi, kwa hiyo nyaraka za hatua ya pili ziandae hata kabla ya uamuzi wa ruhusa kusomwa. Mwanasheria Mkuu wa Serikali ataitwa kuwa mmoja wa wahusika. Kwenye ruhusa jaji anaangalia kama kuna hoja inayostahili kusikilizwa, kama una maslahi ya kutosha, kama uko ndani ya muda na kama hakuna njia nyingine ya nafuu uliyoiruka. Usitumie risasi zote hapo.

Barua ya uamuzi lazima iambatanishwe. Ombi la kufuta uamuzi ambao jaji hauoni haliendi mbali. Na ukitaka utekelezaji usimame wakati shauri linaendelea, liombe waziwazi. Usidhani kufungua kesi kunasimamisha chochote.

Kiapo ndipo maombi mengi yanapoharibika. Tangu kesi ya Matovu ya Uganda ya mwaka 1966, ambayo mahakama zetu huirejea mara kwa mara, kiapo hakipaswi kubeba hoja za kisheria, maombi wala hitimisho. Aya kama hii itapingwa na pengine kufutwa:

> Kwamba, mjibu maombi alitenda kwa chuki na kinyume cha sheria kwa kunyima leseni bila ushahidi wowote, hivyo uamuzi wake ni batili.

Iandike hivi, kila jambo aya yake:

> 6. Kwamba, namba ya usajili wa chombo changu inaishia na 0471, kama inavyoonekana kwenye cheti cha usajili, nakala imeambatanishwa kama kiambatisho "C".
>
> 7. Kwamba, ripoti ya doria ya tarehe 20 Juni 2024, kiambatisho "D", inataja chombo chenye namba inayoishia na 0417.
>
> 8. Kwamba, ripoti hiyo haitaji nyavu za aina yoyote.
>
> 9. Kwamba, kabla ya kupokea barua ya tarehe 3 Februari 2025 sikuwahi kuonyeshwa ripoti hiyo wala kuitwa kutoa maelezo.

Hakuna neno la lawama katika aya hizo, na akizisoma jaji atafika mwenyewe unakotaka afike. Ile aya ya nane ni fupi kuliko zote na ndiyo inayobeba hoja ya kutokuwepo ushahidi. Upande wa pili hauwezi kuijibu ila kwa kuonyesha karatasi yenye neno nyavu.

Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo mama anaweza kuapa kwa lugha anayoielewa badala ya kutia sahihi kwenye Kiingereza alichotafsiriwa haraka kaunta. Faida yake utaiona pale atakapoulizwa juu ya aya ya saba.

Watakavyojibu

Tegemea majibu matatu. La kwanza: "kosa la uchapaji tu, doria ilimaanisha boti yako." Hapo uliza iko wapi karatasi inayosema hivyo, iliyokuwepo kabla ya tarehe 3 Februari. Kiapo cha leo cha askari anayesahihisha ripoti yake ya mwaka jana hakionyeshi afisa wa leseni alikuwa na nini mezani siku ile. Ila kama ripoti ina utambulisho mwingine, tuseme rangi ya boti au jina lililochorwa ubavuni, na linalingana na lako, kosa lako lisilobishaniwa limegeuka kuwa la kubishaniwa. Lichunguze hilo kabla hujafungua faili.

La pili: "hata kama sababu moja ina kasoro, nyingine zinatosha." Ndiyo maana ya safu ya tatu ya jedwali. Onyesha kwamba la tatu linategemea la kwanza, na la pili halina kitu. Kama ingekuwepo sababu ya nne iliyo safi, mathalani ada haikulipwa, uamuzi ungeweza kubaki salama na maombi yako yangekuwa ya kupoteza fedha.

La tatu: "kulikuwa na taarifa za siri za kuaminika." Taarifa ambayo haikutajwa kwenye barua, haikuwekwa kwenye jalada, na hukuipewa ulipoiomba kwa barua yenye muhuri, ni vigumu kuisimamisha mahakamani. Na ikisimama, inakurudishia hoja ya kutosikilizwa ikiwa na nguvu zaidi.

Ukishinda unapata nini

Jaji hatampa mama leseni. Atafuta uamuzi wa tarehe 3 Februari, na ukiwa umeomba pia amri ya kulazimisha, ataielekeza mamlaka iyaamue maombi upya kwa kufuata sheria. Afisa anaweza kukataa tena iwapo safari hii atakuwa na ushahidi unaomhusu mama kweli. Kwa sababu hiyo, wiki ileile amri inapotoka, peleka ofisini nakala yake pamoja na barua inayoambatanisha cheti cha usajili, daftari la BMU na daftari la fundi, na uombe usikilizwe kabla ya uamuzi mpya. Vyote vigongwe muhuri wa kupokelewa. Kuanzia hapo viko ndani ya jalada, na afisa atakayeamua bila kuviangalia atakuwa ameacha kuzingatia vitu ambavyo ofisi yake imevisainia kuvipokea.